Mega zinakwenda wapi? Simu ya sauti, simu ya video na muziki

(Muziki wa kufungua, sekunde 15. Unashuka, unabaki chini ya sauti, kisha unatoweka.)

MTANGAZAJI:   

Leo tunazungumzia mega. Wengine wanaziita bando, wengine wanasema data tu. Ni kitu kimoja. Wiki iliyopita mama mmoja alitusimamisha sokoni akiwa na simu mkononi na hasira usoni. Tulimwomba ruhusa tumrekodi, akakubali, ila jina lake hatulitaji.

SAUTI YA MAMA: Mwanangu, mimi nilinunua mega 100. Binti yangu yuko Lubumbashi, amejifungua. Nikasema leo nitamwona mjukuu. Tumeongea dakika ishirini, hata hazikufika vizuri, mega zimekwisha. Na jirani yangu anaongea na mume wake karibu kila siku, mega zile zile 100, zinamfikisha wiki. Sasa mimi nimeibiwa?

MTANGAZAJI: Mama, pole, na hongera kwa mjukuu. Jirani yako anapiga simu ya video au ya sauti tu?

SAUTI YA MAMA: Ya sauti. Simu yake kioo kimepasuka, haoni kitu.

MTANGAZAJI: Basi msikilizaji, hapo ndipo penye jibu. Kile kioo kilichopasuka kimemwokolea jirani fedha nyingi. Mama hakuibiwa. Leo tutafanya hesabu yake polepole, ili nawe ujue kabla hujabonyeza alama ya kamera.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Tuanze na kitu kidogo ambacho wengi hatukuambiwa. Ukipiga simu ya kawaida kwa yunite, au tokitaimu kama wanavyosema hapa Zambia, kampuni inahesabu muda na inaangalia unapiga wapi. Ukivuka mpaka, namba inayoanza na 243 ni nchi nyingine, na bei ni nyingine. Ukipiga kwa mtandao, kwa mfano kwa WhatsApp, hesabu inabadilika kabisa. Mtandao hauangalii mpaka. Pweto iko ng'ambo ya ziwa, Lubumbashi iko mbali zaidi, na kaka yako labda yuko Ulaya, lakini dakika moja ya maongezi nao inakula mega zile zile. Kinachohesabiwa ni uzito wa kile kinachotoka kwenye simu yako na uzito wa kile kinachoingia.

Nasema kinachotoka na kinachoingia, vyote viwili. Wengi wanadhani anayepiga ndiye anayelipa. Kwa mtandao siyo hivyo. Aliyepiga anatumia mega zake na aliyepigiwa anatumia zake, karibu sawasawa. Kwa hiyo mama alipomaliza mega zake Mantapala, na binti yake kule Lubumbashi alikuwa anamaliza zake.

Uzito huo tunaupima kwa baiti. Baiti elfu moja ni kilobaiti moja. Kilobaiti elfu moja ni megabaiti moja, na hiyo ndiyo mega yako. Unaponunua mega 100, umenunua megabaiti 100.

Sasa, sauti inasafirije? Ukisema "halo", simu yako haitumi "halo" nzima kwa mara moja. Inaikata sauti vipande vidogo sana. Kawaida kila sekunde moja inakatwa vipande 50. Kila kipande kinabanwa ili kiwe kidogo. Kazi hiyo ya kubana inafanywa na kanuni maalumu, na inayotumika sana inaitwa Opus, ambayo ilipitishwa kuwa kipimo cha wote mwaka 2012. Opus inajua sikio la mtu linahitaji nini ili lielewe maneno, na inatupa mengine.

Kipande kikishabanwa, kinawekwa ndani ya bahasha. Msikilizaji, ufikirie barua. Huwezi kuituma bila kuandika inakotoka na inakokwenda. Na kwenye mtandao ni hivyo hivyo: kila kipande cha sauti lazima kiwe na anwani ya simu inayotuma, anwani ya kule kinakokwenda, na namba ya foleni ili kipande cha pili kisije kusikika kabla ya cha kwanza. Maandishi hayo juu ya bahasha yana uzito wa baiti 40 hivi. Barua yenyewe ndani, yaani sauti yako, kwa ubora wa kawaida wa kusikika vizuri, ina uzito wa baiti 60 hivi.

Bahasha 40, barua 60. Jumla baiti 100. Hesabu nzuri, hata mtoto wa darasa la tatu ataifanya.

Vipande 50 kwa sekunde, kila kimoja baiti 100, ni baiti 5,000, yaani kilobaiti 5 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 60, unapata kilobaiti 300 kwa dakika. Lakini hiyo ni sauti yako tu inayotoka. Sauti ya ndugu yako inaingia, nayo ni kilobaiti 300. Jumla kilobaiti 600 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya nusu mega.

Dakika kumi za maongezi ya sauti, basi, ni mega 6. Mega 100 zinakupa dakika 166, karibu saa mbili na dakika arobaini na tano. Jirani wa mama akiongea na mumewe dakika ishirini kila siku, anatumia mega 12 kwa siku, na kwa siku saba ni 84. Zinamfikisha wiki kweli. Mama alisema kweli, na jirani naye hana dawa yoyote ya siri.

Namba hizi ni za makadirio. Wakati mwingine dakika itakula kilobaiti 400 tu, wakati mwingine itagusa mega nzima, kwa sababu simu inabadilisha ubora kufuatana na mtandao. Mtandao ukiwa dhaifu, inabana sauti zaidi, au inaweka vipande vitatu ndani ya bahasha moja ili kupunguza bahasha. Ndiyo maana wakati mwingine ndugu yako anasikika kama anaongea kutoka ndani ya mtungi.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Tuje kwenye video, pale ambapo mega za mama zilikwenda.

Picha inayotembea ni picha nyingi zinazofuatana, kama 15 mpaka 30 kwa sekunde moja, na jicho letu linadhani ni kitu kimoja kinachosogea. Kama simu ingetuma kila picha nzima, mega 100 zisingefika hata dakika chache. Kwa hiyo nayo inabana. Inatuma picha moja nzima, halafu kwa zile zinazofuata inatuma kilichobadilika tu. Umekaa mbele ya ukuta na midomo tu ndiyo inayosogea? Kuna kidogo cha kutuma. Unatembea sokoni huku umeinua simu, watu wanapita nyuma yako, nguo zinapepea? Kila kitu kinabadilika, na simu ina kazi nzito.

Hata baada ya kubana hivyo, picha bado ni nzito kuliko sauti. Tuchukue namba zilizoandikwa na watengenezaji wenyewe. Skype, kabla haijafungwa Mei 2025, ilikuwa inashauri mtu awe na kasi ya kilobiti 300 kwa sekunde kwenda na 300 kurudi ili apate simu ya video ya kawaida. Zoom inataja kilobiti 600 kwenda na 600 kurudi kwa video ya ubora mzuri ya watu wawili.

Hapo nimesema kilobiti, sikusema kilobaiti. Ni hapa watu wanapotea. Kasi ya mtandao huandikwa kwa biti, mega zako huuzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ukisikia kilobiti, gawa kwa 8. Kilobiti 300 ni kilobaiti 37 na nusu kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni kilobaiti 75. Zidisha kwa 60, ni kilobaiti 4,500, yaani mega 4 na nusu kwa dakika moja.

Sauti ilikuwa nusu mega na kidogo. Video ni mega 4 na nusu. Dakika moja ya video ingekupa dakika saba na nusu za sauti. Na ukichukua ile namba ya Zoom, ni mega 9 kwa dakika, yaani dakika kumi na tano za sauti.

Sasa tumrudie mama. Mega 100 gawa kwa 4 na nusu, unapata dakika 22. Mama alisema dakika ishirini hazikufika vizuri. Hesabu imekubaliana naye.

Kuna jambo jingine juu ya video ambalo linashangaza watu. Simu yako inapima njia muda wote. Ikiona njia ni pana, inapandisha ubora wa picha. Ikiona ni nyembamba, inashusha. Kwa hiyo ukiwa mjini Nchelenge karibu na mnara, au antena kama tulivyozoea kusema kwetu, na alama ya 4G iko juu, uso wa mjukuu utaonekana safi mpaka nyusi, na mega zitakwenda mbio. Ukiwa mahali ambapo mtandao unasuasua, picha itakuwa na vipande vipande kama kapu lililofumwa vibaya, na kila dakika itakula kidogo zaidi. Watu wanasema mtandao mbaya ndio unakula mega. Kwa dakika moja moja, siyo kweli, mara nyingi ni kinyume. Ila mtandao mbaya unakula dakika. Simu inakatika, mnapiga upya, na nusu ya maongezi ni "unanisikia? mimi nakusikia, wewe unanisikia?" Dakika hizo zinalipwa kama nyingine zote.

Tufanye nini basi, tusione wajukuu? Hapana. Sikia njia ambayo mimi naiona ni nzuri kuliko zote. Anza na video dakika mbili. Umwone mtoto, umwone mama yake, mcheke, mwonyeshane nyumba. Halafu ninyi wawili mzime kamera, kila mtu kwa upande wake, kwa kubonyeza alama ya kamera iliyo kwenye kioo wakati wa simu. Simu haikatiki. Inaendelea kama ya sauti. Dakika mbili za video ni mega 9. Dakika nane zinazobaki za sauti ni mega 4 na nukta 8. Jumla haifiki mega 14 kwa dakika kumi. Kama mngekaa kwenye video dakika zote kumi, ni mega 45.

Nimesema ninyi wawili, nayo ni muhimu. Ukizima kamera yako peke yako, unaacha kutuma picha, lakini picha ya mwenzako bado inaingia na bado unailipia. Umeokoa kama nusu tu. Basi mwambie, "Mwanangu, zima na wewe."

Na simu za kundi, ambapo familia nzima inaingia, mmoja yuko Moba, mwingine Kalemie, mwingine hapa? Kila uso unaouona kwenye kioo ni picha nyingine inayoingia. Simu inapunguza ukubwa wa kila uso, kwa hiyo usizidishe moja kwa moja kwa idadi ya watu, lakini usitegemee itakuwa sawa na simu ya watu wawili. Kwa mkutano wa familia, sauti inatosha. Mara nyingi hata hatutazamani, tunabishana tu.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Sasa vijana, najua mlikuwa mnasubiri. Muziki. Kuna kijana anayechajisha simu sokoni, naye alituuliza hivi.

SAUTI YA KIJANA: Kaka, mimi sipigi simu sana. Mimi nasikiliza muziki tu kutwa nzima nikifanya kazi. Muziki ni sauti tu, si picha. Mbona mega zinakwisha kama mtu wa video?

MTANGAZAJI: Mdogo wangu, unasikilizia wapi?

SAUTI YA KIJANA: YouTube.

MTANGAZAJI: Na picha ya mwanamuziki inacheza?

SAUTI YA KIJANA: Inacheza, lakini simu naifunika kwa kioo chini. Siangalii.

MTANGAZAJI: Wewe huangalii, lakini picha inakuja tu. YouTube haijui kwamba umeifunika simu mezani. Hata hivyo, swali lake ni zuri, kwa sababu muziki wenyewe, muziki wa sauti tupu, si mzito. Tuupime.

Programu ya muziki kama Spotify inaandika wazi viwango vyake. Kiwango cha kawaida ni kilobiti 96 kwa sekunde. Gawa kwa 8, ni kilobaiti 12 kwa sekunde. Kwa dakika ni kilobaiti 720. Kumbuka simu ya sauti ilikuwa kilobaiti 600. Kwa hiyo dakika ya muziki wa kawaida na dakika ya simu ya sauti zinakaribiana sana. Mega 100 ni kama saa mbili na robo ya muziki.

Huenda unajiuliza: sauti ya mtu ni nyembamba, muziki una magitaa na ngoma na waimbaji wanne, inakuwaje zinalingana? Sababu ni mbili. Ya kwanza, muziki unakuja upande mmoja tu. Wewe huutumii muziki kwa mwanamuziki, yeye ndiye anakutumia. Simu ina pande mbili. Ya pili ni zile bahasha. Maongezi hayawezi kusubiri. Ukisema neno, lazima liondoke sasa hivi, ndiyo maana simu inatuma bahasha ndogo ndogo 50 kwa sekunde, na karibu nusu ya uzito wake ni maandishi ya anwani. Muziki unaweza kusubiri. Wimbo umesharekodiwa, kwa hiyo unapakiwa kwenye bahasha kubwa za baiti zaidi ya elfu moja, na anwani inakuwa kitu kidogo juu yake. Ni kama kupeleka samaki wa Mweru sokoni. Ukifunga kila samaki kwenye karatasi yake, utamaliza karatasi. Ukijaza kapu zima, karatasi moja inatosha.

Ndiyo maana ukishusha muziki kwenye kiwango cha chini kabisa cha Spotify, kilobiti 24, unapata kilobaiti 180 kwa dakika. Hiyo ni chini ya theluthi ya simu ya sauti. Na ukipandisha kwenye kiwango cha kilobiti 320, ni mega 2 na nukta 4 kwa dakika, na mega zako 100 zitakwisha kwa dakika 41. Kwa spika ya simu ndogo ya kawaida, kusema ukweli, sikio halitaona tofauti yenye thamani hiyo.

Turudi kwa kijana wa YouTube. Video ya muziki kwa kiwango kinachoandikwa 360p, ambacho ni cha kawaida kwa simu nyingi, inakula kama mega 3 mpaka 5 kwa dakika. Hiyo ni karibu sawa na simu ya video ya mama. Akiishusha mpaka 144p, inakuwa kama mega moja mpaka mbili. Kushusha, unabonyeza alama ya gurudumu lenye meno juu ya video, kisha neno `Quality`, kisha `Advanced`, kisha unachagua. Sauti itabaki inasikika vizuri. Picha itakuwa na ukungu, lakini si umeifunika mezani?

Tena akirudia wimbo ule ule mara tano kwa siku, mara nyingi anaulipia upya kila mara. Wimbo ulio kwenye kadi ya simu, au uliopewa na rafiki kwa blututhi, hauli mega hata moja. Na kama simu yako ina redio ya FM ndani, ukichomeka waya wa masikioni unakuwa antena yake, na unasikiliza bila mega. Mimi mtu wa redio nitasema nini kingine?

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Usituamini sisi tu. Simu yako inaweza kukuonyesha. Kwenye WhatsApp kuna mahali panapoandika kila kilichotumika. Nasoma maneno kama yalivyo kwenye kioo. Kama simu yako iko kwa Kifaransa, maneno yatakuwa mengine lakini mahali ni pale pale.

```
Settings > Storage and data > Network usage
```

Ukifika hapo, utaona mistari. Mmoja umeandikwa `Calls`, yaani simu, na unaonyesha kiasi kilichotumwa na kiasi kilichopokelewa. Mwingine umeandikwa `Media`, yaani picha na video ulizotumiwa. Chini kabisa kuna `Reset statistics`, ambayo inarudisha hesabu kwenye sifuri. Haifuti ujumbe wako, usiogope. Fanya jaribio: rudisha kwenye sifuri, piga simu ya sauti dakika kumi kwa saa, kisha fungua tena utazame mstari wa `Calls`. Jumlisha kilichotumwa na kilichopokelewa. Kesho yake fanya hivyo kwa video. Utapata namba za simu yako mwenyewe, za hapa hapa, na hizo ni bora kuliko zangu.

Tulipofungua mahali hapo kwenye simu ya mama tulitazama pia mstari wa `Media`, na nakushauri ufanye hivyo. Mtu anaweza kulaumu simu kumbe ni makundi. Umewasha mega asubuhi, na kabla hujasema hata "halo", video za mahubiri, za mpira na za vichekesho zinaanza kushuka zenyewe. Kama `Media` ni kubwa kuliko `Calls`, tatizo lako si maongezi. Nenda kwenye `Storage and data`, tafuta `Media auto-download`, na kwenye mstari wa `When using mobile data` ondoa alama zote. Baada ya hapo kila video itasubiri mpaka uiguse.

Mahali hapo hapo kuna kitufe kingine cha kuwasha.

```
Settings > Storage and data > Use less data for calls
```

Kinaifanya simu ibane zaidi. Kwa maongezi ya familia sioni sababu ya kukiacha kimezimwa. Sauti itashuka kidogo, maneno yataeleweka.

Na kama hata mega 6 huna, kuna ujumbe wa sauti. Ule unaoshika alama ya maikrofoni, unaongea, unaachia. Dakika moja yake mara nyingi haifiki hata robo ya mega, kwa sababu unakwenda upande mmoja na unapakiwa kwenye bahasha kubwa, kama muziki. Mwenzako ataufungua akipata mtandao, hata kama ni usiku. Kwa ndugu walio mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, mimi naona ujumbe wa sauti unashinda simu.

Kabla hujanunua, muulize muuzaji swali moja. Kuna mega za kawaida zinazofanya kazi kila mahali, na kuna vifurushi vya bei ndogo vya mitandao ya kijamii tu. Uliza: je, simu za WhatsApp zimo, za sauti na za video, au ni ujumbe tu? Na muda wake unakwisha lini? Mega 100 za siku moja si sawa na mega 100 za wiki. Jirani wa mama asingefika wiki kama zake zingekufa saa sita usiku.

La mwisho ni la wavuvi na wote wanaokaa karibu na maji. Ng'ambo ya Mweru ni Kongo, na minara ya kule haijui mpaka uko wapi. Ukiwa ndani ya mtumbwi, au mahali ambapo mnara wa Zambia ni dhaifu, simu inaweza kushika mtandao wa upande wa pili. Utaliona jina la kampuni juu ya kioo limebadilika, au herufi R ndogo imetokea karibu na alama ya mtandao. Hapo hesabu yote niliyokupa ya mega inabaki ile ile, lakini bei siyo ile, kwa sababu unatumia mtandao wa nchi nyingine, na kifurushi chako cha kawaida huenda hakihesabiwi. Ingia kwenye mipangilio ya simu yenyewe, siyo ya WhatsApp, sehemu ya mtandao wa simu, utafute maneno `Data roaming`, na uhakikishe pamezimwa. Ukiyazima, simu ikivuka kwa mawimbi itakuwa kimya kwenye mtandao, na mega zako zitabaki zinakusubiri mpaka urudi karibu na Kashikishi.

(Muziki wa kufunga unapanda, sekunde 20.)